Notisi ya mkutano mkuu wa mwaka: kipi ni taarifa kamili na kipi bado ni pendekezo? (wakurugenzi, wakaguzi, gawio)

Mchambuzi_Ilala (mwanzisha uzi), 22 Mei

Wakuu habari za asubuhi. Natengeneza jedwali la kampuni zilizoorodheshwa DSE: wakurugenzi ni akina nani, nani kakagua hesabu, gawio ni kiasi gani. Chanzo changu kikuu ni notisi za mikutano mikuu zinazotoka magazetini. Kuna moja imenitatiza. Jina la kampuni nimeondoa, na wakurugenzi nimewapa herufi:

> Mkutano Mkuu wa Mwaka utafanyika Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, saa 4:00 asubuhi, Dar es Salaam.
> 3. Kupokea na kupitisha hesabu zilizokaguliwa za mwaka ulioishia 31 Desemba 2024.
> 4. Kuidhinisha gawio la Sh 65 kwa hisa kwa mwaka 2024, likijumuisha gawio la awali la Sh 25 lililolipwa Novemba 2024.
> 5. (a) A na B wanastaafu kwa zamu na, kwa kuwa wanastahili, wanaomba kuchaguliwa tena. (b) C anastaafu kwa zamu na hataomba kuchaguliwa tena. (c) Kuthibitisha uteuzi wa D, aliyeteuliwa na Bodi tarehe 12 Septemba 2024 kujaza nafasi iliyoachwa wazi.
> 6. Kuteua wakaguzi wa hesabu kwa mwaka utakaoishia 31 Desemba 2025 na kuipa Bodi mamlaka ya kupanga malipo yao.
> Gawio litalipwa kuanzia tarehe 13 Juni 2025 kwa wanahisa watakaokuwa kwenye daftari hadi mwisho wa kazi Ijumaa tarehe 16 Mei 2025.

Kwenye jedwali nimeandika: gawio Sh 65, wakurugenzi waliotoka ni A, B na C, aliyeingia ni D, tarehe 30 Mei, mkaguzi wa 2024 atajulikana siku ya mkutano. Na la kwangu binafsi: nilinunua hisa 1,200 za kampuni hii Jumatano tarehe 14 Mei. Natarajia Sh 78,000. Nipo sahihi?

---

HisaMwenge

Mkuu, kwenye gawio upo sahihi. Cha msingi ni kuwa mwanahisa siku ya mkutano, maana mkutano ndio unaoidhinisha gawio. Umenunua tarehe 14, mkutano ni tarehe 30, una nafasi tele. Ila toa kodi ya zuio asilimia 5, kwa hiyo utapata Sh 74,100.

---

Karani_wa_Daftari

HisaMwenge, kodi umeipatia: gawio la kampuni iliyoorodheshwa soko la hisa linakatwa asilimia 5, na ambayo haijaorodheshwa asilimia 10. Hayo mengine nitamjibu mwanzisha uzi taratibu, kwa sababu jedwali lake likibaki hivyo, mistari karibu yote itakuwa na makosa.

Nianze na gawio. Siku ya mkutano haiamui nani alipwe. Anayelipwa ni yule ambaye jina lake lipo kwenye daftari la wanahisa siku daftari linapofungwa, na hapa ni Ijumaa tarehe 16 Mei, wiki mbili kabla ya mkutano. Watu wanaona ajabu kwamba haki inapatikana kabla gawio halijaidhinishwa, lakini ndivyo notisi hii ilivyopangwa. Kampuni nyingine zinafunga daftari baada ya mkutano, ndiyo maana huwezi kutumia kanuni moja kwa zote. Lazima usome ile aya ya chini ambayo wengi wanairuka.

Sasa, wewe ulinunua Jumatano tarehe 14. Kununua ni siku moja na jina kuingia kwenye daftari ni siku nyingine. Kwa utaratibu wa ukamilishaji wa siku 3 za kazi, siku ya muamala yenyewe haihesabiwi. Alhamisi tarehe 15 ni ya kwanza, Ijumaa tarehe 16 ni ya pili, Jumamosi na Jumapili hazimo, Jumatatu tarehe 19 ni ya tatu. Jina lako limeingia tarehe 19. Daftari lilifungwa tarehe 16. Gawio hili ni la aliyekuuzia.

Aliyenunua Jumanne tarehe 13 ndiye wa mwisho kupata, kwa kuwa muamala wake ulikamilika Ijumaa ileile. Kampuni nyingine zinakuandikia kabisa siku ya mwisho ya kununua hisa zikiwa na haki ya gawio. Ikiandikwa, ifuate hiyo. Isipoandikwa, hesabu mwenyewe kurudi nyuma, ondoa wikiendi na sikukuu, kisha thibitisha na dalali wako kabla ya kuweka oda.

---

Mchambuzi_Ilala

Duh. Kwa hiyo sina haki yoyote kwenye mkutano huo?

---

Karani_wa_Daftari

Haki ya kuhudhuria na kupiga kura ni suala jingine. Aya uliyoweka inafunga daftari kwa ajili ya gawio tu. Kama hakuna tarehe nyingine ya kufunga kwa ajili ya kura, wewe ni mwanahisa tangu tarehe 19, na unaweza kwenda au kutuma mwakilishi. Angalia fomu ya uwakilishi inatakiwa ifike lini. Kawaida ni saa 48 kabla, maana yake isizidi Jumatano tarehe 28 Mei saa 4:00 asubuhi. Ikifika jioni yake, katibu wa kampuni ana haki ya kuikataa.

Na usihesabu hasara ya gawio lote. Kuanzia tarehe 14 hisa zilikuwa zinauzwa bila haki ya gawio, kwa hiyo bei uliyolipa ilitakiwa iwe imeshapungua kwa sababu hiyo. Kwenye hisa ambazo hazinunuliwi sana bei inaweza isishuke siku hiyohiyo. Linganisha bei yako na ya tarehe 13.

---

BintiKigamboni

Samahani naingilia, lakini ni mambo ya gawio pia. Marehemu baba alikuwa na hisa za kampuni moja tangu zamani. Kila mwaka naona kwenye notisi wanaandika wanahisa wahuishe taarifa za benki na namba ya simu. Nimewapelekea namba yangu ya simu lakini hakuna kilichoingia. Notisi ikisema gawio limelipwa, si ina maana limelipwa kwa wote?

---

Karani_wa_Daftari

Pole dada. Hapana, kampuni ikisema imelipa ina maana imetoa fedha kwa majina yaliyo kwenye daftari. Jina la mzee likiwa bado lipo na akaunti yake imefungwa, fedha zinarudi na kukaa kama gawio lisilodaiwa. Namba yako ya simu haiwezi kubadilisha mmiliki wa hisa. Unahitaji barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, halafu msimamizi aende kwa msajili wa hisa. Kwa kampuni nyingi za DSE huyo ni CSDR. Mpeleke na cheti cha hisa kama bado mnacho. Mkifika pale, ulizeni pia orodha ya magawio ya nyuma yaliyorudi, msiishie kwenye kubadilisha jina.

---

BintiKigamboni

Msimamizi ni kaka yangu mkubwa, na barua tunayo. Cheti hatukioni. Nitamwambia aende, asante.

---

Mama_Hesabu

Nirudi kwenye uzi. Mchambuzi, achana na suala la haki yako kwanza, hata kiasi chenyewe umekikosea, na HisaMwenge akakufuata. Sh 65 ni gawio la mwaka mzima. Soma maneno "likijumuisha gawio la awali la Sh 25 lililolipwa Novemba 2024". Kinacholipwa Juni ni Sh 65 toa Sh 25, yaani Sh 40. Mwenye hisa 1,200 aliyekuwa kwenye daftari tarehe 16 atapata Sh 48,000 kabla ya kodi. Kodi ya zuio ni Sh 2,400. Mkononi Sh 45,600. Siyo 78,000 wala 74,100.

Kosa hilo linazidi kukua ukienda kwenye jumla. Tuseme kampuni ina hisa milioni 500. Sh 65 mara hisa hizo ni Sh bilioni 32.5, na ndiyo namba ambayo gazeti litaweka kwenye kichwa cha habari. Lakini kati ya hizo Sh bilioni 12.5 zilishatoka Novemba, na zinazotoka Juni ni Sh bilioni 20. Mtu akiandika Novemba bilioni 12.5 na Juni bilioni 32.5, mwaka 2024 unaonekana kuwa na gawio la bilioni 45 ambalo halikuwahi kuwepo. Nakushauri kwenye jedwali uwe na safu tatu: gawio la awali, gawio la mwisho, na jumla ya mwaka wa hesabu. Usiruhusu safu ya jumla ijazwe kwa mkono, iache ijumlishe zile mbili.

Na uandike mwaka wa hesabu kando na mwaka wa malipo. Hili ni gawio la 2024 linalolipwa 2025. Ukichanganya hayo mawili utalinganisha gawio na faida ya mwaka usio wake.

---

HisaMwenge

Nakubali hapo kwenye "likijumuisha". Lakini swali: kama ni wanahisa wanaoidhinisha, si wanaweza kusimama mkutanoni wakasema Sh 40 ni ndogo, tupeni 50?

---

Mama_Hesabu

Wanaweza kusema, na huwa wanasema, lakini katiba za kampuni nyingi zinaeleza kwamba mkutano hauwezi kutangaza gawio linalozidi lililopendekezwa na bodi. Wanaweza kulikubali, kulipunguza au kulikataa. Lile la awali la Sh 25 bodi ililipa kwa mamlaka yake. Halikusubiri mkutano, na hakuna kura itakayolirudisha. Kwa hiyo kwenye ajenda ya 4 kuna kitu kimeshatokea, Sh 25, na kitu ambacho bado ni pendekezo, Sh 40, ndani ya sentensi moja. Ndiyo sababu mtu anayejaza jedwali anapaswa kuwa na safu ya hali: limependekezwa, limeidhinishwa, limelipwa.

---

Wakili_Kivukoni

Nichangie kwenye wakurugenzi, kwani hapo ndipo makosa yenye madhara yanapotokea. Mtu akisoma kwamba mkurugenzi "katoka" wakati hakutoka, hiyo ni taarifa ya uongo kuhusu mtu.

"Anastaafu kwa zamu" haina uhusiano na kustaafu kazi. Katiba za kampuni nyingi zinataka theluthi moja ya wakurugenzi waachie nafasi kila mkutano mkuu, kuanzia waliokaa muda mrefu zaidi tangu kuchaguliwa, na wanaruhusiwa kuomba tena papo hapo. Bodi yenye watu 9 itakuwa na 3 wa zamu kila mwaka, kama hapa: A, B na C. A na B wanaomba tena. Wakichaguliwa, utumishi wao unaendelea bila kukatika, na kwenye jedwali usiweke tarehe ya kutoka kabisa, weka tarehe ya kuchaguliwa tena. C peke yake ndiye notisi inasema ataondoka, na ataondoka mkutano utakapoisha. Leo tarehe 22 Mei bado ni mkurugenzi kamili mwenye wajibu wote.

D sasa. Wewe umeandika ameingia tarehe 30 Mei. D ni mkurugenzi tangu 12 Septemba 2024. Bodi ina mamlaka ya kujaza nafasi iliyoachwa wazi, na aliyeteuliwa hivyo anakaa mpaka mkutano mkuu unaofuata, ambao unamthibitisha au unamwacha. Kama kuna uamuzi wa bodi wa Desemba 2024, D alishiriki.

Na jambo ambalo notisi haikuambii: nafasi hiyo aliiacha nani? Kuna mkurugenzi wa zamani aliyeondoka kabla ya 12 Septemba, na jina lake halimo kwenye notisi. Mtafute kwenye taarifa ya mwaka 2023, ulinganishe orodha ya bodi na ile ya 2024. Tarehe kamili utaipata kwa kufanya upekuzi wa kampuni BRELA kupitia mfumo wa ORS, kama kampuni imewasilisha mabadiliko yake. Zipo zinazochelewa, kwa hiyo orodha ya BRELA ikitofautiana na taarifa ya mwaka, usikimbilie kusema mmoja kadanganya. Tazama tarehe ya kuwasilishwa.

---

Mama_Hesabu

Wakili, hapo kwa D tutofautiane. Kwa jedwali linalofuatilia bodi mwaka hadi mwaka, mimi ningeweka tarehe aliyothibitishwa na wanahisa, maana huko ndiko zamu yake inakoanzia kuhesabiwa.

---

Wakili_Kivukoni

Wajibu wake haukusubiri zamu. Jedwali likimwonyesha ameanza Mei 2025, na benki au mdai akauliza nani alikuwa kwenye bodi Desemba 2024, umempa jibu lisilo sahihi.

---

Mama_Hesabu

Na ukiweka ya Septemba pekee, utakosea nani wa kutoka kwa zamu baadaye. Basi safu mbili. Lakini kwenye ripoti ya ukurasa mmoja bado ningeonyesha ya wanahisa.

---

Wakili_Kivukoni

Safu mbili nakubali. Kwenye ripoti hatujakubaliana.

---

Mchambuzi_Ilala

Nashukuru sana wakuu. Na mkaguzi? Ajenda ya 6 haina jina, ndiyo maana nimeandika atajulikana siku ya mkutano.

---

Mama_Hesabu

Mkaguzi wa 2024 anajulikana tayari. Ajenda ya 3 inaongelea hesabu zilizokaguliwa, kwa hiyo kuna mtu alishazikagua na kusaini. Fungua taarifa ya mwaka, nenda kwenye ripoti ya mkaguzi huru, mwishoni utaona jina la kampuni ya ukaguzi, jina la mhasibu aliyesaini, tarehe na mahali. Huyo ndiye mkaguzi wa 2024. Atakayeteuliwa tarehe 30 Mei ni wa hesabu za 2025, na saini yake utaiona mwaka 2026. Watu wanaotumia notisi peke yake husogeza wakaguzi wote mwaka mmoja, na jedwali zima linakuwa na makosa ambayo hayaonekani mpaka kampuni ibadilishe mkaguzi.

Angalia pia kitenzi. Notisi nyingi husema "kuteua tena" na kutaja jina. Hii inasema "kuteua" bila "tena" na bila jina. Inaweza kuwa uandishi tu, inaweza kuwa zabuni haijakamilika, inaweza kuwa wanabadilisha. Usiandike kwamba mkaguzi amebadilika. Andika kwamba mkaguzi wa 2025 hajatajwa.

Na tofautisha kampuni ya ukaguzi na mtu aliyesaini. Jina la aliyesaini likibadilika huku kampuni ikiwa ileile, mkaguzi hajabadilika.

---

Kijana_wa_Sinza

Wakubwa, na ile "kuipa Bodi mamlaka ya kupanga malipo yao"? Ina maana malipo ni siri?

---

Mama_Hesabu

Hapana kijana. Ina maana kiasi hakipangwi mkutanoni. Kilicholipwa kwa 2024 utakikuta kwenye maelezo ya hesabu, kwenye mchanganuo wa matumizi ya uendeshaji. Kikiruka sana kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, tazama kwanza kama wameunganisha na huduma nyingine, kama ushauri wa kodi.

---

Mchambuzi_Ilala, 3 Juni

Wakuu, narudi na mrejesho. Kampuni imetoa maazimio ya mkutano. Hesabu zimepitishwa. Gawio la mwisho la Sh 40 limeidhinishwa. A kachaguliwa tena. Kwa B wameandika "aliondoa maombi yake kabla ya mkutano, na nafasi yake itabaki wazi". C kastaafu. D kathibitishwa. Mkaguzi wa 2025 ametajwa, na siyo kampuni iliyosaini hesabu za 2024.

---

Wakili_Kivukoni

Unaona B? Kama ungefunga jedwali kwa notisi, leo angekuwa bado mkurugenzi kwako. Mweke tarehe ya kutoka 30 Mei 2025, na chanzo andika azimio, siyo notisi. Bodi sasa ina watu 7 kati ya 9 waliokuwepo. Ikijaza nafasi hizo kabla ya mkutano wa 2026, hao wapya utawaona kwenye ajenda ya mwakani wakiombewa uthibitisho kama D. Ingekuwa benki, ungetakiwa kutazama pia kama azimio linasema "kwa kutegemea idhini ya Benki Kuu". Likisema hivyo, kuchaguliwa hakujakamilika mpaka idhini itoke.

---

HisaMwenge

Mkaguzi katimuliwa! Hapo kuna kitu kwenye hesabu.

---

Mama_Hesabu

Azimio halisemi hivyo. Mkaguzi huteuliwa hadi mwisho wa mkutano mkuu unaofuata, kwa hiyo muda wake kuisha na mwingine kuteuliwa ni jambo la kawaida. Kuondolewa katikati ya muda, au kujiuzulu katikati ya mwaka, huko ndiko ningeanza kuuliza maswali. Ukitaka kujua kama kuna shaka kwenye hesabu, soma maoni ya mkaguzi wa 2024: yametolewa bila masharti au yana masharti? Mengine ni kubahatisha.

---

HisaMwenge

Sawa, nimefuta kauli. Nimefungua ripoti yao, maoni ni bila masharti.

---

Kijana_wa_Sinza

Swali la mwisho. Mkurugenzi mtendaji yupo kwenye bodi, ila kwenye notisi za miaka 4 mfululizo sijawahi kuona jina lake kwenye wanaostaafu kwa zamu. Wamemsahau?

---

Wakili_Kivukoni

Huenda katiba yao inamtoa kwenye zamu, kwa sababu anakaa kwa mkataba wa ajira. Katiba nyingine hazimtoi. Nakala ya katiba ipo BRELA, tafuta kifungu cha kustaafu kwa zamu, na uone pia kama anahesabiwa kwenye ile theluthi. Kama hajatolewa na hajawahi kuomba kuchaguliwa, mwandikie katibu wa kampuni uulize, na ukipata jibu liweke hapa.